Herufi Nyeupe Kuwa Buluu: Uteuzi wa Mwangaza Kwenye Mandhari Inayofifia

Bango la safari za jahazi lina mandhari ya buluu inayofifia. Upande wa kushoto buluu imeiva kiasi, kisha inapungua taratibu hadi samawati nyepesi upande wa kulia. Juu yake yamekaa maneno mawili, “Karibuni Pwani”, yaliyoandikwa kwa brashi na mkono wa fundi, kwa rangi nyeupe. Neno la kwanza linasomeka hata kwa mtu aliye ng’ambo ya barabara. La pili linayeyuka ndani ya samawati, na mwenye biashara anataka rangi ya maandishi ibadilishwe.

Faili lenye leya halipo tena. Imebaki picha moja tu ambayo ndani yake herufi na mandhari vimekuwa kitu kimoja. Kuandika upya kwa fonti hakusaidii, kwa sababu hakuna fonti yenye mkono wa fundi yule. Herufi zenyewe lazima zitolewe kwenye picha jinsi zilivyo, zipakwe rangi mpya, na zirudishwe mahali pake.

Kazi ya aina hii huwafikia wabunifu wa michoro mara nyingi, na wengi hukimbilia Magic Wand. Chombo hicho huchagua pikseli zenye rangi inayokaribiana na ile iliyobonyezwa, na chaguo-msingi lake la uvumilivu ni 32. Katikati ya herufi kinafanya vizuri. Kwenye ukingo hakiwezi, kwa kuwa ukingo wa herufi ndani ya kompyuta si mstari mmoja mkali. Kati ya weupe wa herufi na buluu ya mandhari kuna pikseli chache za mpito, nyingine nyeupe kwa robo, nyingine kwa nusu, nyingine kwa robo tatu. Hizo ndizo zinazolifanya jicho lione mviringo laini badala ya ngazi. Magic Wand huzichukua au huziacha, na kwa vyovyote vile herufi hutoka na kingo zilizotafunwa.

Uteuzi wa mwangaza huenda njia nyingine. Hauulizi kama pikseli imo au haimo. Unauliza ina mwanga kiasi gani, kisha unaichagua kwa kiasi hichohicho. Katika Photoshop, mbunifu hufungua paneli ya Channels, hushikilia Ctrl (au Cmd kwenye Mac) na kubonyeza kijipicha cha RGB. Pikseli nyeupe kabisa huchaguliwa kwa asilimia 100, nyeusi kabisa haiguswi, na za kati hupata sehemu yao. Kila chaneli moja moja inaweza kupakiwa vivyo hivyo. Mbinu hii ilienea sana miongoni mwa wapiga picha wa mandhari za asili baada ya Mmarekani Tony Kuyper kuandika mwongozo wake mwaka 2006, lakini uwezo wa kugeuza chaneli kuwa uteuzi ni wa zamani zaidi, tangu enzi ambapo Photoshop haikuwa na leya. Leya zilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994.

Kwa maandishi meupe juu ya mandhari nyeusi, hatua hiyo moja ingemaliza kazi. Herufi zingechaguliwa pamoja na kingo zake zote za mpito, na weusi ungebaki nje. Tatizo la bango letu ni kwamba mandhari yake si nyeusi, na wala haina mwangaza uleule kila mahali.

Namba zinalionyesha hili vizuri. Buluu ya kushoto ina vipimo vya 60 kwa nyekundu, 130 kwa kijani na 190 kwa buluu. Samawati ya kulia ina 150, 205 na 235. Herufi ni nyeupe kamili, yaani 255 katika zote tatu. Mbunifu anatafuta chaneli ambamo herufi zimeachana na mandhari kwa umbali mkubwa zaidi, na hapa ni ile nyekundu. Ndani yake mandhari inatoka 60 hadi 150, mbali na 255 kuliko kwenye kijani au buluu.

Akiipakia chaneli nyekundu kama uteuzi bila kuitengeneza, ataona kitu cha ajabu. Mistari inayocheza, ile inayoonyesha mpaka wa uteuzi, itazizunguka herufi vizuri kuanzia kushoto, lakini karibu na robo tatu ya upana wa bango utatokea mstari wa wima unaokata mandhari yenyewe. Photoshop huchora mistari hiyo mahali ambapo uteuzi unavuka asilimia 50 tu, na hapo ndipo nyekundu ya mandhari inapopita 128. Uteuzi ulioko chini ya nusu upo pia, ila hauonekani. Akimwaga rangi, mandhari ya kushoto itachukua asilimia 24 ya rangi hiyo na ya kulia asilimia 59. Bango zima litachafuka.

Dawa inayowajia wengi ni Levels. Mbunifu hunakili chaneli nyekundu, hufungua Levels, na kusogeza kitelezi cha weusi hadi 150 ili mandhari yote izame kwenye giza. Kwa mbali matokeo yanapendeza, kwani sasa kuna herufi nyeupe juu ya weusi mtupu. Kasoro huonekana picha inapokuzwa hadi asilimia 300. Neno la kulia ni laini na nene kama lilivyokuwa, ilhali neno la kushoto limekonda na kingo zake zina meno.

Sababu yake ni ya hesabu nyepesi. Chukua pikseli ya ukingo ambayo nusu yake ni herufi na nusu ni mandhari. Upande wa kulia, katikati ya 150 na 255 ni karibu 202, na baada ya Levels pikseli hiyo inapata asilimia 50, kama inavyostahili. Upande wa kushoto, katikati ya 60 na 255 ni karibu 157. Kwa kuwa kitelezi kimewekwa 150, pikseli hiyo inabaki na asilimia 7 tu. Pikseli yenye nusu ya herufi imehesabiwa kama mandhari. Kitelezi kimoja kimetumika kupima mahali penye umbali tofauti. Kushoto, safari kutoka mandhari hadi weupe ina hatua 195, na kulia ina hatua 105.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kipimo kinachobadilika pamoja na mandhari, na kukipata lazima kwanza mandhari yenyewe ijulikane kila mahali, hata chini ya herufi. Bahati nzuri, mandhari inayofifia kwa mpango ni rahisi kuijenga upya kuliko picha ya mawingu au ya bahari.

Mbunifu huchukua Eyedropper, huiweka kwenye kipimo cha 5 by 5 Average ili isidanganywe na pikseli moja yenye dosari, na kusoma rangi kwenye ncha mbili za bango. Halafu hujaza leya mpya kwa gradient ya mstari ulionyooka, kutoka rangi ya kwanza hadi ya pili. Kwenye matoleo ya karibuni ya Photoshop kuna chaguo la namna rangi zinavyopita kutoka moja hadi nyingine, na kwa bango lililotengenezwa zamani kinachofaa ni Classic. Kipimo cha Smoothness nacho kishushwe hadi 0, kwa sababu kikiwa juu mpito hujikunja kidogo badala ya kwenda sawa.

Leya hiyo haipaswi kuaminiwa kabla ya kujaribiwa. Huwekwa juu ya picha ya awali katika hali ya Difference, ambayo huonyesha tofauti tu kati ya leya mbili. Mandhari ikiwa imejengwa sawasawa, kila kitu kitakuwa cheusi isipokuwa herufi. Kwa kuwa jicho halitofautishi weusi kamili na weusi wa 6 au 8, huongezwa leya ya Levels ya muda inayokuza mwanga wa chini. Ukionekana ukungu katikati ya bango, mpito wa awali ulikuwa na rangi ya tatu katikati, nayo lazima isomwe na kuongezwa. Dakika chache zinazotumika hapa huokoa kazi yote inayofuata.

Sasa linakuja tendo lenyewe. Chaneli nyekundu ya picha ya awali hunakiliwa na kubandikwa kama leya ya kijivu. Chaneli nyekundu ya mandhari iliyojengwa upya nayo hunakiliwa na kubandikwa juu yake, kisha hugeuzwa kinyume kwa Ctrl+I, ili palipokuwa na 60 pawe na 195 na palipokuwa na 150 pawe na 105. Namba hizo mbili ndizo zilezile za umbali kati ya mandhari na weupe. Mwisho, leya hiyo ya juu huwekwa katika hali ya Color Burn.

Wengi huijua Color Burn kama hali ya kuchoma picha na kuongeza giza lenye rangi kali. Ndani yake ni fomula fupi. Huchukua upungufu wa pikseli ya chini, yaani umbali wake hadi weupe, huugawa kwa thamani ya pikseli ya juu, na kutoa jibu kwenye 1. Ikiwa P ni thamani ya picha na B ni thamani ya mandhari, zote zikihesabiwa kutoka 0 hadi 1, kinachotokea ni hiki:

```
1 - (1 - P) / (1 - B)
```

Pikseli ya mandhari, ambapo P na B ni sawa, hutoa 0, yaani weusi kamili, bila kujali iko kushoto au kulia. Pikseli ya herufi hutoa 1. Ile ya ukingo wa kushoto yenye 157.5 inapungukiwa hatua 97.5 kufika weupe. Gawa kwa 195, jibu ni nusu. Ile ya ukingo wa kulia yenye 202.5 inapungukiwa 52.5, na ukigawa kwa 105 jibu ni nusu tena. Kila mahali pamepimwa kwa umbali wa hapohapo. Kwenye skrini, mandhari yote huzama ghafla na herufi zinabaki nyeupe na laini, kushoto na kulia kwa unene mmoja.

Hapo ndipo uteuzi wa mwangaza unapopata kazi yake halali. Leya hizo mbili zikiwa zinaonekana, mbunifu hubonyeza tena RGB huku ameshikilia Ctrl, au hutumia Ctrl+Alt+2, na uteuzi unaopakiwa ni herufi peke yake pamoja na kila pikseli yake ya mpito.

Bado kuna mtego mmoja, nao huwanasa hata wenye uzoefu. Uteuzi ukiwa safi namna hii, mkono unataka kurudi kwenye picha ya awali na kumwaga rangi mpya papo hapo. Mbunifu anayefanya hivyo kwa buluu iliyoiva ya usiku, yenye vipimo vya 10, 25 na 60, ataona herufi zake zimevaa uzi wa kijivu pembeni, hasa upande wa kushoto.

Uzi huo unatokana na weupe wa zamani. Pikseli ya ukingo ilikuwa tayari na nusu ya weupe ndani yake, kama kikombe ambamo maziwa yameshachanganyika na chai. Rangi mpya ikimwagwa kwa asilimia 50 hufunika nusu ya mchanganyiko, si maziwa peke yake. Kwenye chaneli nyekundu, ile pikseli ya kushoto yenye 157 inashuka hadi karibu 84. Ilipaswa kuwa katikati ya 10 ya rangi mpya na 60 ya mandhari, yaani 35. Jambo baya zaidi ni kwamba 84 ni kubwa kuliko 60 ya mandhari. Kwenye chaneli hiyo ukingo umekuwa na mwanga kuliko pande zote mbili zinazouzunguka, na rangi yake inatoka kwenye mstari wa mpito kati ya mandhari na buluu mpya. Upande wa kulia kosa lipo pia, lakini pikseli inaangukia 106, kati ya 10 na 150, kwa hiyo inajificha.

Njia ya kuepuka ni kutoirudia picha ya awali kabisa. Mandhari safi iliyojengwa upya, ambayo chini ya herufi zake hakuna weupe wowote, ndiyo inayokuwa sakafu. Leya za kijivu huzimwa, uteuzi ukiwa bado hai huongezwa leya ya Solid Color juu ya mandhari hiyo, na Photoshop huugeuza uteuzi kuwa maski yenyewe. Nusu ya ukingo inapata buluu mpya, nusu inaonyesha mandhari halisi, na weupe haupo tena popote. Mteja akibadilisha mawazo kesho, kubonyeza mara mbili kijipicha cha rangi kunatosha.

Mwenye bango huenda asiitake buluu ya usiku. Ombi la kwanza huwa mara nyingi ni la njano, kwa sababu njano inachangamka. Hapa mwangaza unarudi kwa sura nyingine. Shirika la W3C, linalotunga viwango vya tovuti, lina kipimo cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandhari, kuanzia 1 kwa 1 hadi 21 kwa 1. Kwa maandishi makubwa kiwango cha kawaida kinachotakiwa ni angalau 3 kwa 1, na kwa maandishi ya kawaida 4.5 kwa 1. Kipimo kilitungwa kwa ajili ya skrini, lakini kinatoa mwanga hata kwa bango la kuchapishwa.

Weupe wa awali ulikuwa na takriban 4.1 kwa 1 upande wa kushoto na 1.7 kwa 1 upande wa kulia. Ndiyo maana “Pwani” ilikuwa ikipotea. Njano ya 255, 210 na 0 ina takriban 2.8 kushoto na inashuka hadi 1.2 kulia, yaani tatizo linaongezeka pande zote mbili. Buluu ya usiku ina 4.2 kushoto na karibu 10 kulia. Inavuka kiwango cha maandishi makubwa kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake.

Baadhi ya wabunifu hujaribu kufurahisha pande zote kwa kuyafanya maandishi nayo yafifie, meupe kwenye giza na meusi kwenye mwanga. Wazo linavutia, lakini lina kasoro isiyokwepeka. Mandhari ikiwa inapanda mwangaza na maandishi yakiwa yanashuka, lazima kuna mahali vinakutana, na hapo herufi moja au mbili hupotea kabisa. Usalama uko kwenye rangi iliyo na giza kuliko mandhari yote, au yenye mwanga kuliko mandhari yote, kwa umbali wa kutosha.

Njia hii ina mipaka yake. Wa kwanza ni picha iliyopitishwa mara nyingi kwenye simu. Mbano wa JPEG mara nyingi huhifadhi habari za rangi kwa uchache kuliko habari za mwangaza, kwa hiyo chaneli nyekundu peke yake inaweza kuwa na ukungu ambao picha nzima ya kijivu haina. Mbunifu akiona kingo za chaneli nyekundu zimevimba, na arudie kazi kwa kutumia nakala ya kijivu ya picha na ya mandhari, hata kama umbali kati ya herufi na mandhari umepungua. JPEG pia huacha vumbi karibu na herufi. Kulifichua, bonyeza maski huku umeshikilia Alt. Madoa ya kijivu kwenye weusi huondolewa kwa Levels ndogo juu ya maski, weusi ukianzia 10 au 15 na weupe ukiishia karibu 240, bila kuzidisha.

Mpaka wa pili ni mandhari inayokaribia weupe. Kwenye ncha ya kulia ya bango letu, hatua 105 zinanyooshwa kuwa 255, na kila dosari inakuzwa karibu mara mbili na nusu. Mandhari ikifika 230, zinabaki hatua 25 tu, na dosari inakuzwa mara kumi. Hapo hakuna fomula itakayookoa ukingo, na herufi zitapaswa kuchorwa upya kwa Pen tool.

Maandishi yakiwa na giza kuliko mandhari, picha yote na mandhari yake hugeuzwa kinyume kwanza, kisha hatua hufuatwa vilevile. Yakiwa na mwanga lakini si meupe kamili, Levels ileile huwekwa kwenye leya zote mbili za kijivu kabla ya kugeuza ile ya mandhari, ili thamani ya herufi ipande hadi 255. Ikiwekwa kwenye leya moja tu, kipimo kinapotea na mandhari haizami tena.

Asiyekuwa na Photoshop anaweza kufuata mantiki hiyohiyo katika GIMP, programu ya bure. Hali ya leya inaitwa Burn, chaneli hutenganishwa kupitia Colors, Components, Decompose, na maski huundwa kwa kuchagua Grayscale copy of layer. Kazi ikiisha, hifadhi faili la leya, PSD au XCF, pamoja na maski yake, na umkabidhi mwenye bango nakala yake. Ombi la rangi nyingine likija, halitahitaji hata hatua moja kati ya hizi.